Mangungo hakuuza Tanzania: namna ya kujibu swali la historia bila kuchanganya nyakati

Swali huja hivi, au kwa maneno yanayokaribiana: "Eleza jinsi Chifu Mangungo wa Msovero alivyochangia nchi yetu kutawaliwa na Wajerumani." Mwanafunzi hulipokea kwa furaha kwa sababu jina analijua tangu utotoni. Hapa Dar es Salaam mkataba wowote unaodhaniwa kuwa mbaya huitwa wa Mangungo, na mwaka 2023, wakati wa mjadala wa bandari, jina hilo lilisikika vijiweni na kwenye daladala. Basi kalamu inakimbia. Mangungo aliiuza Tanzania, hakusoma mkataba, alipewa zawadi za kijinga, hakuwa mzalendo. Kurasa mbili zinajaa, na alama zinazorudi ni chache.

Majibu ya namna hii yana makosa mawili, na la kwanza ndilo linalozaa la pili. La kwanza ni kuchanganya nyakati, ambalo wengine huliita anakronizimu: kuweka kitu, jina au wazo katika wakati ambao halikuwapo. La pili ni kumhukumu mtu wa jana kwa mizani ya leo. Ukishamkabidhi Mangungo Tanzania ambayo hakuwahi kuisikia, ni rahisi sana kumshitaki kwa kuiuza. Mwongozo huu unatumia swali hilohilo moja, kwa sababu kosa lake limezoeleka mno na ushahidi wake unajulikana vizuri.

Tuanze na jibu lenyewe. Hii ni aya ya aina inayoandikwa mara nyingi:

"Mwaka 1884 Chifu Mangungo aliuza ardhi ya Tanzania kwa serikali ya Ujerumani. Alisaini bila kusoma kwa sababu hakuwa na elimu, na alihongwa zawadi ndogo. Kama angekuwa mzalendo angeungana na Waafrika wenzake kuwafukuza wakoloni. Bado watu wa wakati ule hawakuwa na ufahamu wa haki zao."

Sentensi ni nne. Hakuna hata moja iliyo salama.

Hatua ya kwanza: chora mstari kwenye mwaka wa tukio

Kabla ya kuandika jibu, chukua karatasi ya rafu na uchore mstari mmoja wa wima. Juu ya mstari andika "Msovero, Novemba 1884". Kushoto weka mambo yaliyokwisha kutokea siku ile, kulia weka yaliyokuja baadaye. Tarehe tano au sita zinatosha, na kazi hii haizidi dakika tatu.

Kushoto utaandika kwamba Machi 1884 Karl Peters, Mjerumani aliyekuja kuileta hati ya Mangungo, na wenzake walianzisha huko Berlin chama cha watu binafsi cha kutafuta makoloni. Utaandika pia kwamba mapema Novemba alifika Unguja, akavuka bahari na kuelekea bara. Kulia ndiko orodha inakuwa ndefu. Mkutano wa Berlin, ulioanza katikati ya Novemba 1884 Peters akiwa tayari safarini, ulimalizika tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa chama cha Peters. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilielekezwa Unguja kumshinikiza Sultani Barghash. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana mipaka. Jina Tanganyika likapewa nchi mwaka 1920, na Tanzania ikazaliwa 1964.

Sasa rudi kwenye aya yetu. "Tanzania" iko kulia kabisa, miaka themanini mbele. "Serikali ya Ujerumani" nayo iko kulia, ingawa wengi hawalioni hilo. Novemba 1884 Peters hakuwa mjumbe wa serikali. Alipofika Unguja aliarifiwa kupitia konseli wa Ujerumani kwamba asitegemee ulinzi wa serikali. Serikali ilikuja kuipokea mikataba yake miezi mitatu baadaye, alipokwisha kurudi nayo nyumbani. Anayeandika kwamba Mangungo alikutana na serikali ya Ujerumani amelirudisha nyuma tukio la Februari 1885 na kulitia Novemba 1884.

Kwa wakazi wa jiji hili upo mtego mwingine mdogo. Mwanafunzi anayejua kwamba Dar es Salaam ilikuwa makao ya utawala wa Kijerumani huandika kwamba Peters alitua hapa. Makao yalihamia hapa 1891. Mwaka 1884 huu ulikuwa mji mdogo ambao Sultani Majid alianza kuujenga, ukadorora baada ya yeye kufariki mwaka 1870. Msafara wa Peters ulianzia Saadani, ukaenda kwa miguu. Wala hapakuwa na reli ya kwenda Kilosa, wilaya ambayo leo Msovero imo ndani yake. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905.

Hatua ya pili: pigia mstari majina, kisha mawazo

Makosa ya vitu na majina hukamatwa na ule mstari wa wima. Makosa ya mawazo hayakamatwi nao, kwa kuwa wazo halina tarehe ya kuzinduliwa. Hapa inabidi usome aya yako na kupigia mstari kila neno linaloeleza kilichokuwa kichwani mwa mtu: alitaka, aliamini, aliogopa, alisaliti, aliuza. Kwa kila neno jiulize kama mtu huyo angelielewa shitaka lako lau ungemsomea kwa lugha yake.

"Mzalendo" halipiti. Uzalendo unadai kuwe na taifa la kulipenda, na watu wa Usagara, eneo ambamo Msovero ilikuwamo, walikuwa na ukoo, kijiji, viongozi wa maeneo yao, majirani waliopatana nao na majirani waliogombana nao. "Waafrika wenzake" nalo halipiti. Kwamba watu wa Usagara, Uhehe na Pwani ni wamoja kwa sababu wote ni Waafrika ni wazo lililopata nguvu hapa kwetu katika karne ya 20, katika vyama na siasa za kudai uhuru. Kumlaumu Mangungo kwa kutolifuata ni kumlaumu kwa kutofuata barua ambayo haijaandikwa.

"Aliuza" linahitaji utulivu zaidi, na hapa ndipo majibu mazuri hujitenga na ya kawaida. Kuuza ardhi moja kwa moja, ikatoka mikononi mwako na kwa watoto wako isirudi, halikuwa jambo la kawaida katika jamii za bara za wakati ule. Kiongozi aliweza kumkaribisha mgeni, kumwonyesha mahali pa kukaa na kulima, kufanya naye urafiki. Ardhi yenyewe ilibaki ya jamii. Karatasi ya Peters inasema Mangungo ametoa eneo lake lote litumiwe kwa makoloni ya Kijerumani. Lakini maneno hayohayo yanaanza kwa kuiita hati hiyo mapatano ya urafiki wa milele. Nusu ya kwanza Mangungo angeweza kuielewa vizuri. Nusu ya pili ilikuwa dhana ya kisheria ya mtu mwingine, iliyoandikwa kwa Kijerumani.

Kuna neno moja ambalo linatutega sisi Waswahili peke yetu, nalo ni "alihongwa". Leo hongo ni rushwa. Katika karne ya 19, kwenye njia za misafara kutoka Pwani hadi bara, hongo ilikuwa malipo yaliyojulikana ambayo msafara ulimpa kiongozi wa eneo ili upite kwa amani: vitambaa, shanga, waya. Ilidaiwa hadharani na kujadiliwa bei. Kiongozi aliyepokea vitambaa kutoka kwa mgeni mwaka 1884 alikuwa anatekeleza haki ya cheo chake. Neno halikubadilika kwa sauti, lilibadilika kwa maana, na ndiyo sababu linapita machoni bila kuzuiwa. Ukikutana na maneno ya namna hii katika chanzo cha zamani, andika maana yake ya wakati ule pembeni kabla hujalitumia.

Usifike mahali ukaogopa kila neno jipya. "Ukoloni", "uchumi" na "siasa" ni maneno yetu ya kuchambulia, na tuna haki nayo mradi yabaki mdomoni mwetu. Unaweza kuandika kwamba mikataba hii ilifungua njia ya ukoloni. Huwezi kuandika kwamba Mangungo aliamua kuukaribisha ukoloni. Katika sentensi ya kwanza neno ni lako. Katika ya pili umeliweka kichwani mwake. Hata "chifu" lina hadithi yake: ni neno la Kiingereza lililoenea katika utawala wa Waingereza, na hati ya 1884 humwita Mangungo sultani. Swali likisema "Chifu Mangungo", lifuate. Jua tu kwamba cheo hicho tumempa sisi.

Hatua ya tatu: tenganisha alichojua na tunachojua

Kuna methali isemayo majuto ni mjukuu. Sisi ndio mjukuu huyo, tunaujua mwisho wa habari. Mangungo hakuujua. Gawa karatasi katika safu mbili. Upande mmoja andika kile mtu wa Msovero alichoweza kukiona: wageni wachache na wapagazi wao, zawadi, kinywaji, bendera, milio ya bunduki, mkalimani. Peters mwenyewe alieleza katika maandishi yake namna alivyokunywa pamoja na viongozi, akatoa zawadi, akachanjiana nao udugu na kupandisha bendera. Kuchanjiana udugu kulifahamika sana: ni njia ya kumfanya mgeni awe ndugu ili asikudhuru. Upande wa pili andika tunachokijua sisi: Berlin, hati ya Kaizari, manowari, kodi, mashamba, vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Kisha chukua jibu lako na uone kila hukumu imetoka safu ipi. "Alikosa tahadhari" mara nyingi hutoka safu ya pili. Kwa aliyekuwa na safu ya kwanza tu mbele yake, mgeni mwenye zawadi anayetaka udugu hakuwa jambo la ajabu. Misafara mikubwa kuliko ule ilikuwa imepita Usagara kwa miaka mingi.

Safu hizi hukusaidia pia kupima uzito wa sababu. Swali linauliza Mangungo "alichangia vipi". Ukiujua mwisho, ni rahisi kuiona sahihi yake kama mlango ambao nchi nzima ilipitia. Lakini Peters alikusanya mikataba kadhaa katika Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Hakuna hata mmoja uliogusa Pwani. Pwani ilipatikana kwa vitisho vya manowari na mapatano ya mataifa mawili ya Ulaya, kisha kwa vita, pale Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani walipopigana na Wajerumani kuanzia 1888. Karatasi ya Msovero ilikuwa kisingizio chenye thamani Berlin, si nguvu iliyoishika nchi.

Hatua ya nne: uliza karatasi iliandikwa kwa ajili ya nani

Aya yetu inasema Mangungo alisaini bila kusoma kwa kukosa elimu. Tunajuaje? Ushahidi mkuu ni hati yenyewe, na mwandishi wake ndiye aliyefaidika nayo. Inasema maneno yalifafanuliwa waziwazi kupitia mkalimani aitwaye Ramazani. Inasema pia kwamba Mangungo, alipoulizwa, alitamka hayuko chini ya Sultani wa Unguja kwa namna yoyote na hata hajui kama yupo.

Sentensi hiyo ya mwisho isomeni polepole. Mtu anayekaa jirani na njia kuu ya misafara ya Pwani hajapata kusikia habari za Sultani wa Unguja? Ni vigumu kuamini. Lakini jiulize nani aliihitaji. Kama Usagara ilikuwa chini ya Sultani, mkataba wa Peters haukuwa na thamani Ulaya, na Barghash alipolalamika mwaka 1885 hoja yake ilikuwa hiyohiyo: wale viongozi hawana mamlaka ya kutoa nchi yangu. Sentensi iliwekwa kwa wasomaji wa Berlin. Basi haitupi fikra za Mangungo, inatupa mahitaji ya Peters.

Mwanafunzi anayeandika haya mawili kwa sentensi tatu amefanya zaidi ya yule aliyejaza ukurasa kwa lawama, kwa sababu ameonyesha kwamba neno "ujinga" halina ushahidi. Hati iliyo katika lugha ambayo mmoja wa watu wake hakuijua haipimi akili yake. Wala Peters hakuonyesha kwamba alijua Kisagara.

Hatua ya tano: hukumu pale unapotakiwa, kwa mizani ya wakati ule

Hapa wengi waliokwisha kuelewa hatua zilizotangulia huanguka upande wa pili. Wanaandika "zamani ndivyo ilivyokuwa" na kumsamehe kila mtu, Peters akiwamo. Hilo nalo ni kuchanganya nyakati, kwa sababu linadhani watu wa zamani walikuwa na mawazo mamoja.

Hawakuwa nayo. Ukitaka kumpima Peters, huhitaji sheria za leo za haki za binadamu. Sultani Barghash aliikataa mikataba yake mwaka huohuo wa hati ya Kaizari. Watu wa Pwani waliishika bunduki. Na Wajerumani wenyewe: Peters alipokuwa mtawala Kilimanjaro aliamuru wanyongwe mtumishi wake na msichana mmoja, jambo hilo likaibuliwa kwa hasira katika bunge la Ujerumani mwaka 1896, na mwaka 1897 akafukuzwa utumishi. Hiyo ni mizani ya wakati ule, imetumika na watu wa wakati ule. Ukiandika kwamba matendo ya Peters yalionekana maovu hata na baadhi ya watu wa nchi yake, umehukumu bila kukosea wakati.

Kanuni ni hii: kila hukumu katika jibu iwe na mwenyewe wa enzi ile. Ukiweza kusema nani wakati huo alifikiri hivyo, iandike na umtaje. Ukishindwa, ama ifute, ama iandike wazi kuwa ni maoni ya leo, katika sentensi ya peke yake, mwishoni, swali likiruhusu. Swali linaloanza na "Eleza" kwa kawaida haliruhusu. Linaloanza na "Tathmini" au "Je, unakubali" linaruhusu, lakini baada ya maelezo.

Aya iliyoandikwa upya

Kwa urefu unaokaribiana na ule wa kwanza, maarifa yale yanaweza kukaa hivi:

"Novemba 1884 Mangungo, kiongozi wa Msovero katika Usagara, aliweka alama kwenye hati iliyoletwa na Karl Peters, mwakilishi wa chama cha watu binafsi cha Kijerumani. Hati ilikuwa kwa Kijerumani na ilifafanuliwa kupitia mkalimani, hivyo haitoshi kuonyesha Mangungo alielewa nini. Zawadi na udugu wa kuchanjiana vilifanana na taratibu za kawaida za kupokea wageni, wakati kutoa ardhi kwa milele kulikuwa dhana ngeni. Mchango wa hati ulionekana baadaye: Februari 1885 Kaizari aliitumia pamoja na nyingine kutoa hati ya ulinzi, ingawa Pwani ilitwaliwa kwa vitisho na vita."

Tazama kilichoondoka: Tanzania, serikali, hongo, mzalendo, na lile "bado". Neno hili la mwisho lina madhara kuliko linavyoonekana. "Bado hawakuwa na ufahamu" hudai kwamba watu wa 1884 walikuwa njiani kuja kuwa sisi, wamechelewa tu. Unaposahihisha jibu lako, litafute hilo kwanza, halafu "alipaswa", "kama angejua", "hata elimu hawakuwa nayo" na "hawakuwa wameendelea". Kila unapoliona mojawapo, rudi kwenye zile safu mbili uone umekaa upande upi.

Angalia pia usizidishe. Anayeandika "kwa wakati ule" katika kila sentensi, au anayeeleza katika nusu ukurasa kwa nini hatumii neno chifu, anapoteza nafasi na msahihishaji anachoka. Tahadhari moja mwanzoni inatosha; zaidi ya hapo, usahihi uonekane katika maneno uliyochagua. Ukiwa ndani ya chumba cha mtihani na dakika zimebaki tano, usianze aya mpya. Pitia majina ya nchi, majina ya serikali, vyeo, na kila kitenzi kinachoeleza nia ya mtu. Kata "aliuza", andika "aliweka alama kwenye hati". Kata "Tanzania", andika "Usagara".